Kutoka picha za fomu za MTUHA hadi jedwali moja: maelezo ya makabidhiano kwa karani mpya wa takwimu

KWA: Karani mpya wa takwimu, ofisi ya afya ya halmashauri
KUTOKA: Karani anayekabidhi
YAH: KUJUMUISHA TAARIFA ZA MWEZI ZA OPD ZINAZOTUMWA KWA PICHA

Ndugu mwenzangu,

Kila mwezi ukiisha, zahanati na vituo vya afya vyetu hujaza fomu ya taarifa ya wagonjwa wa nje, yaani OPD. Fomu yenyewe ya karatasi hufika ofisini mtu wa kituo anapopata safari ya kuja mjini, lakini kabla ya hapo mganga mfawidhi huipiga picha na kutuma kwa WhatsApp. Kazi utakayopokea ni kugeuza picha hizo kuwa jedwali moja la majumuisho ya halmashauri, ili makosa yaonekane na kusahihishwa mapema, kabla takwimu hazijaingizwa DHIS2, yaani mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Vituo vinatakiwa kuwa vimewasilisha ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Tarehe 1 hadi 7 basi ni siku zako za kupokea na kuhakiki, si za kusubiri.

Kuna fomu nyingine pia: za wajawazito, watoto, uzazi wa mpango na kadhalika. Nimechagua kueleza ya OPD peke yake kwa sababu ndiyo yenye visanduku vingi na ndiyo inayoleta makosa mengi. Ukiimudu hii, nyingine utazifanya kwa njia ile ile.

Sharti moja linabeba kazi yote: kila namba iliyo kwenye jedwali letu lazima uweze kuirudisha kwenye picha ya fomu iliyotoka. Mratibu wa MTUHA akikuuliza "hawa 79 wametoka wapi?", ufungue picha na kumwonyesha kisanduku. Namba ambayo huwezi kuirudisha hivyo haina nafasi humo, hata kama inaelekea kuwa sahihi.

Namba hutoka wapi

Mgonjwa akifika, anaandikwa kwenye rejesta ya OPD, yaani Kitabu namba 5. Kutoka rejesta, mhudumu anahesabu kwa karatasi ya tali, na jumla za tali ndizo zinazohamishiwa kwenye fomu ya mwezi. Kosa linaweza kuingia katika kila hatua kati ya hizo. Wewe unaona hatua ya mwisho tu. Ndiyo maana picha inaweza kukuambia kwamba kuna kosa, lakini mara nyingi haiwezi kukuambia jibu sahihi. Jibu liko kituoni.

Fomu imegawanywa kwa makundi matano ya umri: chini ya mwezi 1, mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1, mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, miaka 5 hadi chini ya miaka 60, na miaka 60 na kuendelea. Kila kundi lina ME, KE na Jumla, na mwishoni ipo Jumla Kuu. Mistari ya juu ni mahudhurio: mahudhurio yote ya OPD, waliohudhuria kwa mara ya kwanza mwaka huu, na mahudhurio ya marudio. Chini yake ndipo magonjwa yanapoanza, mstari mmoja kwa kila ugonjwa.

Picha inapoingia

Usianze kuandika namba. Kwanza iangalie picha yenyewe. Pembe nne za karatasi zionekane, jina la kituo na mwezi visomeke, na saini ya mfawidhi na mhuri viwepo. Fomu ina kurasa zaidi ya moja, kwa hiyo hesabu picha. Ukurasa wa pili husahaulika sana. Tazama pia kama ni toleo la fomu linalotumika sasa. Fomu zikibadilishwa, vituo vya mbali huendelea kwa muda na vitabu vya zamani, na humo mpangilio wa mistari unaweza kuwa tofauti. Kwa hiyo soma jina la mstari kila mara, usitegemee kwamba mstari wa kumi na mbili kutoka juu ni ugonjwa ule ule.

Picha nyingi mbaya zina sababu mbili. Ya kwanza ni kupiga kopi ya kaboni, ambayo maandishi yake ni hafifu, badala ya nakala ya juu. Ya pili ni WhatsApp yenyewe, ambayo hupunguza ubora wa picha inayotumwa kwa njia ya kawaida. Mwombe mfawidhi aiweke karatasi mezani karibu na dirisha, asimame juu yake bila kuitia kivuli, kisha aitume kama faili na si kama picha. Maelezo hayo mawili yanamaliza sehemu kubwa ya tatizo. Omba picha nyingine siku hiyo hiyo. Ukingoja wiki, kitabu kinaweza kuwa kimefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko likizo.

Picha ikifaa, ihifadhi kwenye folda ya mwezi kwa jina la mtindo huu:

```
202405_NAMBA_OPD_1.jpg
```

202405 ni Mei 2024. Mahali pa NAMBA weka namba ya kituo kama ilivyo kwenye HFR, yaani rejesta ya vituo vya afya nchini. Usitumie jina la kituo peke yake, kwa kuwa jina moja linaweza kuwa la zahanati mbili, na watu huliandika kwa namna tatu tofauti. Tarakimu ya mwisho ni ukurasa. Fomu iliyosahihishwa na kutumwa upya ipe herufi B baada ya ukurasa, na ile ya kwanza usiifute.

Jambo moja hapa nakuomba ulishike kwa uzito. Wakati mwingine mhudumu, kwa nia njema, hutuma picha ya ukurasa wa rejesta ili kuthibitisha hesabu yake. Rejesta ina majina ya wagonjwa na magonjwa yao. Usiihifadhi wala kuisambaza. Ifute kwenye simu na mwombe naye aifute. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu watu hao, na hata bila sheria, mtu aliyekwenda zahanati ya kijijini kwake hakutegemea jina lake lifike kwenye simu yetu. Fomu ya mwezi ina hesabu tupu, na hiyo ndiyo tunayoihitaji.

Kusoma kabla ya kuandika

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nitakaa zaidi. Chukua mfano wa mstari wa malaria iliyothibitishwa kwa mRDT, yaani kipimo cha haraka cha malaria, kutoka zahanati moja. Chini ya mwezi 1: ME 0, KE 0. Mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1: ME 7, KE 5, Jumla 12. Mwaka 1 hadi chini ya miaka 5: ME 23, KE 19, Jumla 42. Miaka 5 hadi chini ya 60: ME 31, KE ina tarakimu inayoweza kuwa 48 au 43, Jumla 79. Miaka 60 na kuendelea: ME 4, KE 6, Jumla 10. Kwenye Jumla Kuu imeandikwa ME 65, KE 78, na Jumla 134.

Anza na ile tarakimu isiyosomeka. Jumla ya kundi ni 79 na ME ni 31, kwa hiyo KE iliyobaki ni 48. Sasa ithibitishe kwa njia ya pili: KE wote ni 0, 5, 19, 48 na 6, ambao ni 78, na Jumla Kuu ya KE imeandikwa 78. Njia mbili zisizotegemeana zimetoa jibu moja, basi andika 48. Kama ni njia moja tu ingekubali, ungepiga simu. Na kama visanduku viwili vya mstari mmoja havisomeki, usijaribu kabisa kukisia kwa kutoa na kujumlisha. Hapo utakuwa unatunga.

Sasa Jumla. ME 65 na KE 78 ni 143, na jumla za makundi, 0, 12, 42, 79 na 10, nazo ni 143. Fomu inasema 134. Tofauti ni 9. Tofauti inayogawanyika kwa 9 mara nyingi ina maana kwamba tarakimu mbili zimepishana nafasi wakati wa kunakili, na ndivyo ilivyo hapa. Tofauti ya 10 au 100 huwa ni kusahau kubeba wakati wa kujumlisha. Tofauti inayolingana kabisa na kisanduku fulani, tuseme pungufu la 12, huonyesha kwamba kisanduku hicho kilirukwa. Kukijua chanzo cha kosa kunakusaidia kuuliza swali sahihi kwenye simu. "Dada, Jumla Kuu ya malaria umeandika 134, mimi napata 143, hebu nitazamie kitabuni" hujibiwa kwa dakika moja. "Fomu yako ina makosa" humfanya mtu aanze kuhesabu upya kitabu kizima.

Unaweza kuuliza kwa nini upige simu ilhali jibu tunalijua. Ni kwa sababu kituo kinabaki na nakala. Tukisahihisha huku kimya kimya, kitabu chao kitasema 134 na DHIS2 itasema 143, na siku wasimamizi wakienda kuhakiki takwimu kituoni, mfawidhi ndiye atakayeulizwa. Sahihisho linaanzia kwenye kitabu cha kituo, kwa kukata mstari mmoja juu ya namba ya zamani, kuandika mpya na kuweka saini. Kisha anakutumia picha ya ukurasa huo, ile yenye herufi B.

Baada ya hesabu za kulalia, angalia zile za kusimama. Waliohudhuria mara ya kwanza mwaka huu pamoja na marudio lazima walingane na mahudhurio yote, katika kila kundi la umri na si katika Jumla Kuu peke yake. Makosa mawili katika makundi mawili yanaweza kufutana na Jumla Kuu ikaonekana safi. Kumbuka pia kwamba "mara ya kwanza mwaka huu" huanza upya kila Januari. Kituo kikileta taarifa ya Januari yenye marudio mengi kuliko wa mara ya kwanza, kuna uwezekano mkubwa kuwa anayejaza rejesta ameendelea kumhesabu mgonjwa wa mwaka jana kuwa wa marudio. Vivyo hivyo, waliokutwa na malaria kwa mRDT hawawezi kuzidi vipimo vya mRDT vilivyotumika mwezi huo kwenye taarifa ya dawa na vifaa ya kituo hicho hicho.

Tarakimu zinazochanganywa kwa mwandiko wa mkono ni 1 na 7, 3 na 8, 4 na 9, 0 na 6. Baada ya miezi michache utaufahamu mwandiko wa kila mfawidhi. Lakini wafawidhi huhamishwa, na mwandiko mpya unapotokea uanze nao kwa uangalifu wa siku ya kwanza.

Kuhusu kisanduku kitupu: sifuri ni taarifa, utupu si taarifa. Mstari mdogo kwenye kisanduku tumekubaliana na vituo kuwa ni sifuri. Kisanduku kitupu kabisa hatujui kama hakukuwa na mgonjwa au mhudumu aliruka. Kiache kitupu pia kwenye kompyuta hadi kituo kijibu.

Kuandika kwenye Excel

Faili lina karatasi mbili, DATA na JUMLA. Kwenye DATA kila mstari wa fomu ni mstari mmoja. Safu A ni mwezi, B namba ya HFR, C jina la kituo, D msimbo wa mstari. E hadi N ni visanduku kumi vya ME na KE kwa mfuatano wa fomu, na O ni Jumla Kuu kama ilivyoandikwa na kituo. Jumla za makundi huziandiki. Umekwisha kuzitumia kusomea.

Mwezi uandike 202405, namba tupu. Ukiandika 2024-05 au 5-2024, Excel huigeuza kuwa tarehe, na fomula hazitaupata mwezi huo. Misimbo ya safu D ni ya ofisi yetu, M01 kwa mahudhurio yote na kuendelea. Orodha kamili iko mwanzo wa faili. Hatutumii maneno ya fomu yenyewe kwa sababu baadhi ya mistari ina alama ya nyota, na nyota ndani ya fomula za kutafuta ina maana ya "neno lolote". Mstari mmoja wa namna hiyo unaweza kuzoa na mingine isiyohusika.

Safu P, Q na R zinajihesabu zenyewe. Kwenye mstari wa 2 zimeandikwa hivi, kwa mfuatano huo:

```
=SUM(E2:N2)
=IF(COUNT(E2:O2)<11,"WAZI",IF(P2<>O2,"TAZAMA","SAWA"))
=COUNTIFS(A:A,A2,B:B,B2,D:D,D2)
```

Q ikisema WAZI, kuna kisanduku hakijajazwa, au umeandika herufi O badala ya sifuri. Ikisema TAZAMA, jumla ya visanduku hailingani na ya kituo. Kwa zahanati ya mfano wetu ingesema TAZAMA, kwa kuwa P ni 143 na O ni 134. Kwanza rudi kwenye picha uone kama wewe ndiye uliyekosea kuandika. Ukiona umeandika sawasawa, ndipo upige simu. Mfawidhi akithibitisha, badili O iwe 143 na uandike kwenye safu S: "Fomu ya awali 134, mfawidhi amesahihisha, 4/6". Usibadili kisanduku chochote cha E hadi N ili kulazimisha SAWA itokee.

R inapaswa kuwa 1 daima. Ikiwa 2, kituo kimeandikwa mara mbili kwa mwezi huo, na wagonjwa wake wamehesabiwa mara mbili. Hii hutokea pale fomu iliyosahihishwa inapofika na mtu akaiandika kwenye mistari mipya badala ya kubadili ile ya zamani. Ni kosa baya kuliko mengine yote, maana kila mstari peke yake utasema SAWA na jumla ya halmashauri itavimba bila kelele.

Ukimaliza kituo, mwombe mwenzako asome kutoka kwenye picha kwa sauti huku wewe ukifuata kwenye kioo. Usisome wewe mwenyewe ulichokiandika, jicho linaona linachokitarajia.

Jedwali la majumuisho

Kwenye JUMLA, mwezi uko kisanduku B1, na misimbo ya mistari inaanza A4 kwenda chini. Fomula ya C4, ambayo unaivuta kulia hadi L na chini hadi mwisho, ni hii:

```
=SUMIFS(DATA!E:E,DATA!$A:$A,$B$1,DATA!$D:$D,$A4)
```

Alama za dola zinashikilia safu za mwezi na msimbo mahali pake huku E ikisogea kuwa F, G na kuendelea. Zikikosekana, kisanduku cha kwanza kitakuwa sahihi na vinavyofuata vitakuwa sifuri au takataka. Kila mwezi chagua msimbo mmoja, chuja DATA kwa mwezi na msimbo huo, jumlisha kwa kikokotoo, na ulinganishe na JUMLA.

Juu ya jedwali pameandikwa idadi ya vituo vilivyoripoti kati ya vinavyotarajiwa. Namba hiyo ina uzito sawa na namba za wagonjwa, na usikubali jedwali litoke bila hiyo. Tuseme halmashauri ina vituo 38. Aprili vyote viliripoti, na malaria ilikuwa 2,410. Mei vimeripoti 35, malaria 2,150. Mtu atasema malaria imepungua. Rudi kwenye DATA, uone vile vitatu vilivyokosa vilikuwa na wagonjwa wangapi Aprili. Kama walikuwa 330, vile 35 vingine vilikuwa na 2,080 Aprili na sasa vina 2,150, kwa hiyo malaria imeongezeka. Andika ulinganisho huo chini ya jedwali, wa vituo vilevile miezi yote miwili.

Kituo kilichokosa usikijazie wastani wala namba za mwezi uliopita, hata ukiombwa. Kiorodheshe kwa jina chini ya jedwali pamoja na sababu unayoijua: barabara, mfawidhi yuko mafunzoni, kitabu kimeisha. Mistari ambayo bado ni WAZI siku ya mwisho nayo iorodheshe hapo, kwa kuwa SUMIFS huvijumlisha visanduku vilivyopo na haikwambii vilivyokosekana.

Baada ya hapo

Jedwali linakwenda kwa Mratibu wa MTUHA, kisha kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri. Takwimu za kila kituo zikishaingizwa DHIS2, toa humo ripoti ya mwezi ya halmashauri na uilinganishe na JUMLA mstari kwa mstari. Zikitofautiana, chuja kwa kituo mpaka ukipate kinachotofautiana, kisha fungua picha. Fomu za karatasi zikifika, linganisha kila moja na picha yake kabla ya kuifaili. Mara chache mfawidhi huwa amesahihisha kitu baada ya kupiga picha na hakutuambia.

Faili la Excel lihifadhi upya kila mwezi kwa jina lenye mwezi, na nakala ya folda ya picha iwekwe kwenye diski ya nje iliyo kwenye kabati la mratibu. Picha zilizobaki kwenye simu ya ofisi zifute baada ya kuhakikisha kwamba nakala zinafunguka. Namba za simu za wafawidhi ziko kwenye daftari la bluu, na zile zilizowekewa alama ya penseli ni za vituo vyenye mtandao jioni tu, kwa hiyo wapigie baada ya saa kumi na moja.